Taarifa ya benki ya viza: afisa anafuata mwendo wa hela kabla ya salio

Mtu wa Dar akitaka kuomba viza ya matembezi ya Uingereza, swali la kwanza huwa: "Akaunti iwe na shilingi ngapi?" Kanuni zao hazitaji kiwango chochote kwa mtembezi. Afisa anataka kujua kama hela inatosha safari unayoieleza, kama ni yako kweli, na imetoka wapi. Mara nyingi hatakuita kwenye usaili, kwa hiyo asichokiona kwenye karatasi hutapata nafasi ya kumweleza.

Wifi yangu ana duka la vitenge Kariakoo. Alikuwa anaenda Leicester wiki tatu kumwona dada yake, akaniomba nimsaidie kupanga nyaraka. Taarifa yake ya miezi sita ilionyesha karibu shilingi 6,000,000 zikiingia kila mwezi, nyingi zikitoka kwenye Lipa Namba ya dukani. Fomu inauliza kipato cha mwezi, naye akataka kuandika hizo milioni sita. Lakini hayo ni mauzo. Humo 4,700,000 zinarudi kwa wauzaji wa jumla na kwenye kodi ya fremu, zinabaki 1,300,000. Za nyumbani ni kama 800,000, kwa hiyo anaweka 500,000.

Tukaandika 1,300,000 kwenye fomu, na barua ya ukurasa mmoja ikaeleza hesabu hiyo, pamoja na leseni ya biashara, risiti za mzigo na makadirio ya kodi ya TRA. Bila barua, afisa angeona mtu anayesema anapata milioni moja na ushee huku benki inaonyesha sita, akajiuliza hizo nyingine ni za nani. Hapo kwenye makadirio kuwa makini. Kama TRA inajua mauzo yako ni milioni 20 kwa mwaka na benki inaonyesha 72, barua haitakuokoa. Nenda karekebishe TRA kwanza, viza baadaye.

Salio lake lilipanda taratibu, kutoka 2,100,000 Januari hadi 5,100,000 mwishoni mwa Juni. Hiyo inalingana na laki tano anazodai kuweka kila mwezi, na ndiyo inayomfanya msomaji aamini fomu. Safari yenyewe tuliipigia 4,500,000: tiketi, na za matumizi akiwa kule. Shida ni kwamba ingemaliza karibu akiba yote, na afisa ana haki ya kushangaa mfanyabiashara anayekausha akaunti kwa ajili ya wiki tatu.

Bahati nzuri alikuwa ameuza kiwanja Chanika kwa 9,000,000, na hela iliingia baada ya hapo, wiki chache kabla ya maombi. Hela kubwa inayoingia ghafla ndiyo inayotiliwa shaka kuliko kitu kingine, kwa sababu wapo wanaokopa kwa ndugu, wanapata taarifa, kisha wanarudisha. Nilimsisitizia mnunuzi alipe kwa benki. Jina lake likaonekana kwenye taarifa, likafanana na lililo kwenye mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Angelipwa taslimu akaenda kuziweka dirishani, mstari ungesema tu kwamba fedha taslimu zimewekwa. Hela ya kikoba nayo ni hivyo hivyo: weka nakala ya daftari la michango na barua ya viongozi. Hela ya kuazima usiiweke kabisa. Na taarifa ya kughushi, wanayouza vijana mitaani, inaweza kukufungia Uingereza kwa miaka 10, maana benki huulizwa.

Dada yake alijitolea malazi na chakula. Barua ya mwaliko peke yake ni maneno. Tuliomba taarifa yake ya benki, hati za mshahara za miezi hiyo hiyo ili mshahara wa karatasi uonekane ukiingia akaunti, uthibitisho wa ukaazi wake, na mkataba wa nyumba. Ukikuta mwenyeji anabakiwa na salio la sifuri kila mwisho wa mwezi, ni bora aahidi kulala tu, gharama nyingine ubebe wewe.

Undugu nao lazima uonekane. Vyeti viwili vya kuzaliwa vya RITA vilikuwa na baba na mama mmoja, ila dada anatumia jina la mume, kwa hiyo cheti cha ndoa kikaongezwa. Mkataba wa kiwanja ulikuwa wa Kiswahili. Wao wanapokea Kiingereza, na tafsiri lazima iwe na jina la mfasiri, saini, tarehe, mawasiliano yake na tamko kwamba ni sahihi. BAKITA wanafanya kazi hiyo, ila wape muda, usiwapelekee siku moja kabla ya miadi ya alama za vidole.