VPN ikizuiwa: porti za akiba na kuifunika

WireGuard inaonyesha imewaka, ila hakuna ukurasa unaofunguka. Shida ni seva au mtandao?

WireGuard hujionyesha imewaka hata kama seva haijajibu chochote. Kwenye kompyuta ya Linux andika `sudo wg show`. Ukikuta `0 B received` na mstari wa `latest handshake` haupo, jibu la seva halijakufikia. Jaribu kwa laini ya kampuni nyingine. Ikikubali huko, seva na funguo zako ni nzima, kizuizi kiko kwenye mtandao wa kwanza. Na WireGuard haijifichi: pakiti yake ya kufungulia mazungumzo ni baiti 148 kila mara.

Si nibadilishe porti tu?

Kama wamefunga porti zilizozoeleka pekee, yaani 51820 ya WireGuard na 1194 ya OpenVPN, inatosha. WireGuard ipeleke UDP 443; TCP haiijui kabisa. OpenVPN inakubali orodha, ikishindwa ya kwanza inajaribu inayofuata:

```
remote vpn.example.net 1194 udp
remote vpn.example.net 443 tcp-client
connect-timeout 10
```

Usiache mstari wa mwisho, maana bila huo itasubiri sekunde 120 kabla ya kuhama. Seva nayo lazima iwe inasikiliza kwenye porti zote mbili.

Ila muunganisho wa 443 ukifunguka kisha ukakatwa papo hapo, yaelekea wanasoma pakiti zenyewe. OpenVPN hutanguliza kichwa chake ambacho HTTPS haina, kwa hiyo hutambulika porti yoyote ile. Hapo ndipo inabidi uifunike.

Nimeifunika kwa stunnel. Inaunganika, halafu intaneti yote inakufa.

Stunnel huitia OpenVPN ndani ya TLS ya kawaida, na OpenVPN yako sasa inaunganika na 127.0.0.1. Kwa kawaida OpenVPN huacha njia ya pembeni kuelekea seva yake. Sasa inadhani seva ni kompyuta yako, hivyo trafiki ya stunnel nayo inavutwa ndani ya VPN na kujizungusha humo. Ongeza njia hiyo mwenyewe, ukiweka IP halisi ya seva:

```
route 203.0.113.10 255.255.255.255 net_gateway
```

Mbona imekuwa nzito?

Ni TCP ndani ya TCP. Pakiti moja ikipotea, tabaka zote mbili hungoja na kutuma upya, na kwenye mtandao hafifu kila kitu hukwama. Ndiyo maana UDP ibaki juu kwenye orodha, na stunnel iwe ya mwisho.

Niko Dodoma. Nikiifunika hivi, niko salama kisheria?

Hapana. Oktoba 2023 TCRA iliwataka watumiaji wa VPN wajisajili na kutaja anwani ya IP. Kuifunika hakukuondolei wajibu huo. Tena kinachofichwa ni umbo la trafiki tu. Kampuni ya simu bado inaiona IP ya seva unayozungumza nayo, na wakiifunga hiyo, hakuna porti itakayokusaidia hadi seva ipate IP nyingine.