Mradi wa muziki: uliza swali moja kuhusu ngozi ya ngoma

Kila mwaka naletewa mada ya aina hii: "Kulinganisha midundo na ala za nyimbo za asili za Wasukuma." Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiishika hiyo ataandika kurasa kumi za historia, abandike picha mbili za ngoma, basi. Mdundo unabaki upande mmoja, ala upande mwingine.

Mimi huwapa swali linaloviunganisha: je, namna ngoma ilivyowambwa inaamua mdundo gani uchezwe juu yake? Wimbo wa kuanzia ni wa bugobogobo, ngoma ya wakulima, kwa sababu mna ngoma kubwa na ndogo kwa pamoja, na majembe ya wachezaji yanakuonyesha pigo la msingi liko wapi.

Anza kwa kurekodi. Sikukuu ya Bulabo pale Bujora, Kisesa, mwezi Juni, inapendeza sana, ila kwa kazi hii haifai: vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinashindania watazamaji na sauti zinaingiliana. Omba kikundi kimoja siku ya mazoezi, na uombe ruhusa ya kurekodi kabla hujatoa simu mfukoni. Rekodi video, si sauti peke yake. Ukisikiliza sauti tu utaanza kuhesabu kwenye pigo lenye kishindo, na mara nyingi silo pigo la kwanza. Tazama miguu na majembe.

Ukifika nyumbani, punguza kasi ya video hadi nusu. Hesabu mapigo madogo kabisa kutoka jembe moja hadi kabla ya jingine, ukianza na lile la jembe lenyewe. Yakiwa matatu, chora vyumba 12 kwenye karatasi ya hesabu na uweke jembe katika vyumba vya 1, 4, 7 na 10. Yakiwa manne, chora 16. Kisha jaza mstari wa kila ngoma. Kikundi cha wanafunzi nilichokisimamia waliona mstari wa ngoma ndogo umejaa karibu wote, wakati ule wa ngoma kubwa una mapengo marefu. Hapo ndipo swali la ngozi linapoanza.

Ili kulijaribu, tengeneza ngoma mbili: tafuta makopo mawili ya chuma yanayolingana, uyakate vitako, na ngozi moja ya mbuzi. Iloweke usiku kucha, ikwangue manyoya kwa wembe, kisha geuza upande wa nyama uondoe mafuta yote. Yakibaki, ngoma inanuka na sauti inakufa. Kata duara mbili kutoka mgongoni, uti wa mgongo ukipita katikati ya kila moja. Usichukue tumbo, maana ni jembamba na linavutika ovyo. Acha ngozi izidi mdomo wa kopo kama sentimita nane kila upande.

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Wewe ukivuta kwako, vuta na upande wa pili, kwa kupokezana, ukikaza kamba ya katani kidogo kidogo. Kopo moja likaze, jingine lilegeze. Hata hilo la kukaza usilimalize likiwa bichi, kwa kuwa ngozi husinyaa ikikauka na inaweza kuchanika kwenye matundu. Anika kivulini. Ikikauka, gonga pembeni karibu na kila tundu. Panapotoa sauti ya chini ndipo palipolegea.

Sasa jaribu. Dondosha mpira mdogo kutoka sentimita 30 juu ya kila ngoma, urekodi, uone kwenye simu mlio unachukua muda gani kufifia. Kisha cheza mstari wa ngoma ndogo juu ya zote mbili, ukiongeza kasi. Kwa wale wanafunzi, iliyokazwa iliendelea kutoa pigo moja moja. Iliyolegea ilianza kuvuruga: pigo jipya linaingia lile la kwanza halijaisha.

Pima zote saa ileile. Asubuhi yenye unyevu wa ziwani, ngozi hulegea na sauti hushuka, hasa wakati wa masika. Mchana ngoma hiyohiyo imepanda. Bila kuandika saa na hali ya hewa, jedwali lako halilinganishi kitu.

Jaribio hili halithibitishi kwamba ngozi ndiyo iliyozaa mdundo. Huenda mpigaji anaujua mdundo kwanza, ndipo anaikaza ngozi imfae. Kwa hiyo rudi kwake umuulize. Mpigaji tuliyemuuliza alisema ile ndogo huipasha moto zaidi, na kubwa huizima kwa kiganja akitaka kupiga haraka. Jibu hilo liingie kwenye ripoti hata kama linaharibu hitimisho uliloliandika tayari.

Aliye Ukerewe anaweza kufanya swali hilohilo kwa enanga, ambayo uzi wake mmoja huzungushwa mara kadhaa juu ya ubao uliochongwa kama hori: badala ya ngozi, apime uzi unalia kwa muda gani kabla ya kidole kuurudia.