Kichwa cha kila mwezi kabla ya hedhi: homoni zako hazijavurugika

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 31, naishi Nkuhungu, Dodoma. Kila nikikaribia siku zangu kichwa kinanigonga upande mmoja, natapika, mwanga sitaki hata kuuona. Nimeanza kuandika: mwezi wa tano kilianza tarehe 4, siku nikaona tarehe 6. Mwezi wa sita kilianza tarehe 1, siku nikaona tarehe 3. Kikarudi Juni 29, siku nikaona Julai 1. Kinakaa siku mbili hadi tatu. Nimetibiwa malaria na taifodi mara sijui ngapi. Sasa kuna dada ananiuzia dozi ya kusawazisha homoni ya miezi mitatu, shilingi 180,000. Nipime homoni kwanza au nianze tu?

Jibu: Marahaba, dada. Hiyo dozi usinunue, na hela ya kipimo cha homoni ibaki mfukoni. Hizo tarehe ulizoandika zina thamani kuliko karatasi yoyote ya maabara. Kichwa kinachopwita upande mmoja, kinacholeta kutapika na kuchukia mwanga, kikianza ndani ya siku 2 kabla ya damu au siku 3 za mwanzo za damu, kwa angalau mizunguko 2 kati ya 3, ni kipandauso cha hedhi. Wewe umepata 3 kwa 3, na kila mara siku 2 kamili kabla ya damu.

Neno linaloumiza wanawake wengi ni hili la "homoni kuvurugika". Fuata mwezi wako wenyewe ulivyo. Baada ya yai kupevuka, pale lilipotoka hubaki kijifuko kinachotengeneza estrojeni na projesteroni kwa takribani wiki 2. Mimba isipotunga, kijifuko hicho hunyauka na homoni zote mbili hushuka kwa kasi siku chache kabla ya damu. Mteremko huo ndio unaoleta hedhi, na bila mteremko hakuna hedhi. Kwa hiyo mwanamke anayeona siku zake kila baada ya siku 28, kama wewe (Mei 6, Juni 3, Julai 1), ana homoni zinazofanya kazi yake vizuri. Tofauti iko kwenye ubongo. Ubongo wa mwenye kipandauso, ukishakaa siku kadhaa kwenye estrojeni ya kutosha, hauvumilii ikiondoka ghafla. Wakati huohuo ukuta wa mfuko wa uzazi unatoa prostaglandini, kemikali zilezile zinazoleta maumivu ya tumbo la hedhi, nazo zinaongeza maumivu ya kichwa.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1972 daktari Somerville wa Australia alichapisha matokeo ya kuwachoma sindano wanawake wenye tatizo hili muda mfupi kabla ya hedhi. Waliochomwa projesteroni walichelewa kuona damu, lakini kichwa kilikuja kwa wakati wake. Waliochomwa estrojeni waliona damu kwa wakati, kichwa kikachelewa, kisha kikaja estrojeni ile ilipoisha mwilini. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba kichwa kinafuata kushuka kwa estrojeni. Na ujauzito unathibitisha jambo hilohilo: estrojeni hupanda juu sana kuliko kawaida, na wanawake wengi wenye kipandauso hupumzika, hasa kuanzia mwezi wa nne. Kingekuwa kichwa cha homoni kuzidi, ujauzito ungekuwa mateso matupu.

Sasa fikiria hiyo dozi ya 180,000. Kama haina homoni, haina cha kusawazisha. Kama ina homoni kweli, bila kuandikwa, siku utakayoiacha utakuwa umejitengenezea mteremko mwingine na kichwa kingine. Kipimo nacho kinatumika kuuzia watu woga. Ukipimwa siku ya 2 ya hedhi estrojeni itasoma chini, kwa sababu siku hiyo inatakiwa iwe chini. Muuzaji anashika karatasi na kusema "unaona?" Hakuna kiwango cha homoni kinachotambulisha kipandauso cha hedhi, na wenye tatizo hili kwa kawaida wana viwango sawa na wasio nalo.

Kwa nini basi wengi wanaapa kwamba dawa fulani iliwasaidia? Kipandauso kisichotibiwa hudumu saa 4 hadi 72, kisha huondoka chenyewe. Dozi ya mseto wa malaria ni siku 3. Ukianza mseto siku kichwa kilipoanza, utamaliza vidonge na kichwa kimekwisha, nawe utaamini ilikuwa malaria. Mwezi unaofuata inajirudia. Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo zaidi nchini. Malaria haifuati kalenda ya hedhi, na kichwa bila homa, kipimo cha malaria kikiwa hasi, hakihitaji mseto. Kipimo cha taifodi cha Widal nacho husoma chanya hata kwa mtu mzima wa afya, kwa sababu ya maambukizi ya zamani au vijidudu vingine. Vivyo hivyo kwa "sainasi" ya vumbi letu la kiangazi: mafua na macho kulowa huweza kuja pamoja na kipandauso, na vumbi halijui tarehe zako.

Matibabu yenyewe yanaanza na kuwahi. Kosa la kawaida ni kuvumilia hadi jioni, kisha kumeza vidonge viwili vya Panadol wakati umeshaanza kutapika. Kipandauso hupunguza kasi ya tumbo kujimwaga, hivyo kidonge kilichomezwa kwa kuchelewa hukaa tumboni bila kufika kwenye damu. Ndani ya saa ya kwanza, ukishakula hata kipande cha mkate, meza naproksini miligramu 500, au ibuprofeni miligramu 400 hadi 600. Kwa kuwa wewe unatapika, mwombe daktari akuandikie na metoklopramidi miligramu 10 ya kumeza pamoja nayo, maana inatuliza kichefuchefu na kulifanya tumbo lisukume dawa mbele. Ukijaribu hivyo kwa mizunguko mitatu na miwili ikashindikana, uliza kuhusu dawa mahususi ya kipandauso, sumatriptani miligramu 50. Inapatikana kwenye famasia kubwa kwa cheti cha daktari. Ikituliza kichwa kisha kikarudi, jambo ambalo kichwa cha hedhi hupenda kufanya, unaweza kumeza nyingine baada ya saa 2 au zaidi. Ya kwanza ikishindwa kabisa, usiirudie kwa kichwa hichohicho. Haimfai mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi wala mwenye presha isiyodhibitiwa.

Kwa mwenye mzunguko wa kuhesabika kama wako kuna njia ya pili, ambayo ni kukitangulia kichwa. Kutoka Julai 1 hesabu siku 28, damu inatarajiwa Julai 29. Kichwa chako huanza siku 2 kabla, yaani Julai 27. Rudi nyuma siku 2 nyingine: naproksini miligramu 500 asubuhi na jioni, baada ya chakula, kuanzia Julai 25 hadi Julai 30. Hizo ni siku 6 tu, kisha unaacha hadi mwezi ujao. Jaribu mizunguko mitatu ukiendelea kuandika tarehe kabla ya kusema imeshindwa. Katika siku hizo 6 usiongeze ibuprofeni wala diklofenaki juu yake, maana ni dawa za ukoo mmoja na unachozidisha ni madhara. Kichwa kikipenya, ongeza parasetamoli, au ile sumatriptani kama umeandikiwa.

Kabla ya kuanza, onana na daktari kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, presha au pumu inayochochewa na dawa za maumivu. Kama unatafuta mtoto, njia hii ya kutangulia iache, kwa sababu siku hizo ndizo mimba changa inaweza kuwa inajishika. Na mzunguko ukibadilikabadilika, hesabu yote inaharibika. Utajikuta umemeza dawa siku 12 ukisubiri damu, na huko ndiko kwenye shimo.

Shimo lenyewe ni kichwa kinachosababishwa na dawa. Anayemeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, au zile zilizochanganywa na kafeini au kodeini siku 10 au zaidi, kwa zaidi ya miezi 3, anaweza kupata kichwa cha karibu kila siku. Wanawake wengi walianza na kichwa cha siku 3 kama chako. Wakapewa diklofenaki iliyochanganywa na parasetamoli, wakaongezewa tramadoli na mtu wa dukani, na leo hawakumbuki mara ya mwisho kichwa kilikuwa chepesi. Anayekuuzia tramadoli kwa kipandauso cha hedhi anakuharibia kichwa, hata kama leo umepata usingizi.

Jambo la mwisho linawahusu mnaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili. Pakiti ya 28 ina vidonge 21 vya homoni na 7 vya kahawia ambavyo ni madini ya chuma. Kichwa kikija wiki ya kahawia, ni mteremko uleule, na mtoa huduma anaweza kukuelekeza kuruka vile 7 na kuunganisha pakiti inayofuata. Lakini jiulize kwanza: kabla ya kichwa, je, unaona mistari ya mwanga inayometameta kama meno ya msumeno, au doa lisiloona linalotanuka, au ganzi inayopanda kutoka vidoleni hadi mdomoni, kwa dakika 5 hadi 60? Kama ndiyo, vidonge vya homoni mbili havikufai kabisa, kwa sababu vinaongeza hatari ya kiharusi. Nenda kliniki ubadilishiwe njia. Sindano na vipandikizi vya homoni moja havina katazo hilo. Aliyefikisha miaka 35 ana kipandauso, hata bila dalili hizo, naye asianzishiwe vidonge hivyo bila daktari kumpima.

Na kichwa kilichobadilika tabia kisihesabiwe kuwa cha hedhi kwa sababu tu kimeangukia tarehe zake. Kikilipuka ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika moja, kikija na homa na shingo kukakamaa, au na mkono kulegea au mdomo kupinda, au kikianza ukiwa mjamzito au ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua, nenda hospitali siku hiyohiyo.