Swali la chanzo: kuaminika na manufaa

"Nikiuliza 'Je, chanzo hiki kinaaminika?' darasa zima hujibu hapana, kaandika mkoloni. Niulizeje?"

Mwalimu, taja kinachochunguzwa. Chukua kitabu cha Gavana Götzen cha 1909 kuhusu Maji Maji. Juu ya dondoo andika nani, lini na cheo chake, kisha uliza: "Kina manufaa gani kwa anayechunguza sababu za vita? Na kwa anayechunguza fikra za serikali ya Kijerumani?" Hapo "mkoloni" pekee haitoshi. Vita vilimzukia yeye akiwa gavana, kwa hiyo ana sababu ya kuwalaumu waganga badala ya kilimo cha pamba cha shuruti. Utetezi huohuo ndio ushahidi mzuri kwa swali la pili, la fikra za serikali.

Anayeshauri kuongeza masimulizi ya wazee kuhusu vita hivyo yaliyokusanywa 1968 yuko sahihi, ila asiyafanye kuwa ndiyo ukweli wenyewe. Ni miaka zaidi ya 60 baadaye, nayo yahojiwe vilevile.

Kwenye kusahihisha, "ana upendeleo" bila kuonyesha neno ndani ya dondoo mimi siipi alama. Kidato cha pili labda ningelegeza.