Jibu: Sura ya matokeo imejaa mahojiano

"Nimehoji watu 14, sura ya matokeo ya tasnifu yangu imefika kurasa 60. Msimamizi anasema haoni matokeo. Nikate wapi?"

Salaam mkuu. Kabla ya kukata, angalia vichwa vya dhamira zako. Kichwa kama "Huduma kliniki" ni mada tu, kila nukuu itaonekana inafaa chini yake. Kigeuze kiwe dai: "Wagonjwa huacha kliniki kwa sababu ya foleni zaidi kuliko umbali." Nukuu isiyobeba dai hilo itoke.

Kisha fungua aya kwa maneno yako: wangapi walisema hivyo, na nani alipinga. Ndipo nukuu ije, sentensi moja au mbili. Maelezo ya mistari kumi kuhusu foleni yanabaki hivi:

"Nafika alfajiri, namwona daktari mchana […] siku ya kazi imeshakwenda." (Mshiriki 7, mfanyabiashara)

Baada yake eleza inaonyesha nini, hapa kwamba gharama ni kipato cha siku, wala si nauli. Usirudie tu alichosema. Na hiyo […] isimeze "lakini" inayogeuza maana; rudi usikilize sauti uliyorekodi.

Mshiriki 7 akitokea kila dhamira, ujue umechagua msemaji hodari, hujachambua. Aliyepinga naye apewe nukuu yake.