Dizeli yenye seteni ndogo na injini inayogoma asubuhi

*"Tangu nijaze dizeli mpya, injini inachelewa kuwaka asubuhi, inatoa moshi mweupe na inagonga. Ikipata moto inatulia. Shida ni nini?"*

Ndugu, hiyo kutulia ikipata moto ndiyo dalili ninayoitilia maanani zaidi: huenda dizeli hiyo mpya ina seteni ndogo. Namba ya seteni hupima wepesi wa dizeli kujiwasha yenyewe ndani ya hewa iliyogandamizwa na pistoni. Ikiwa ndogo, mafuta huchelewa kushika moto baada ya nozeli kuyapuliza, yakarundikana ndani ya silinda, kisha yakalipuka kwa mkupuo; mlio wa kugonga unaousikia hutokana na shinikizo linalopanda ghafla. Injini ikiwa baridi kuchelewa huko huongezeka, na mafuta yasiyoungua hutoka kwenye eksozi kama moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli.

Kiwango cha Ulaya, EN 590, hudai seteni isiyopungua 51, ilhali cha Marekani, ASTM D975, huruhusu hata 40, kwa hiyo soma kitabu cha gari lako. Tangi likikaribia kuisha, jaza dizeli ya chanzo kingine, au tia kiongeza seteni kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Usichanganye petroli, kwani hushusha seteni zaidi, wala usipulize etha kwenye injini yenye plagi za kupasha joto, maana inaweza kulipuka.

Kugonga kukiendelea hata injini ikiwa moto, mwone fundi apime nozeli na mgandamizo wa silinda.