Hedhi nzito tangu kuvunja ungo: anza kwa kumuuliza shangazi

Kwetu Tororo, kila nilipoamka na shuka la kufua, mama alikuwa na jibu moja: "Wanawake wa ukoo huu ndivyo tulivyo." Alisema kweli, ila hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Daktari akikuuliza hedhi inaendaje, usiishie kusema "nyingi". Mwambie ilianza kuwa hivyo tangu ulipovunja ungo. Mwambie kama pedi inalowa chini ya saa mbili, kama mabonge yanatoka, kama inapita siku saba. Ni kweli wasichana wengi huvurugikiwa mwanzoni kwa sababu homoni hazijatulia. Lakini ikiendelea vilevile mwaka hadi mwaka, na nyumbani wapo wengine kama wewe, huenda damu yenyewe haigandi vizuri.

Mimi nilikuwa napewa vidonge vya kuongeza damu tu, mpaka daktari mmoja akauliza habari za meno, pua na uzazi. Jino langu liling'olewa, likavuja hadi kesho yake. Kaka yangu hutokwa damu puani muda mrefu. Shangazi aliongezewa damu baada ya kujifungua. Hapo ndipo daktari akataja ugonjwa wa von Willebrand.

Von Willebrand ni jina la protini inayozinasisha chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba jeraha, mahali mshipa ulipochanika. Protini hiyo ikiwa pungufu au isipofanya kazi, chembe zinaweza kuwa tele, ila hazishiki. Ndiyo maana kipimo cha kawaida cha damu kilionyesha nina upungufu wa damu na chembe sahani za kutosha, basi nikarudishwa nyumbani. Ugonjwa huu hurithiwa kwa baba au kwa mama, na huwapata wanaume na wanawake sawa. Ukiambiwa kutoganda damu ni shida ya wanaume, tafuta daktari mwingine.

Kipimo chenyewe hupima wingi wa protini hiyo, utendaji wake, na faktari ya 8, protini nyingine ya kugandisha damu. Kina mtego: protini hupanda ukiwa mjamzito, ukiwa na malaria au homa nyingine, hata ukitumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Majibu yakiwa mazuri siku kama hizo, omba kurudia hali hiyo ikishapita. Kwa Kampala, ulizia wataalamu wa magonjwa ya damu pale Mulago.

Mimi daktari aliniandikia asidi ya traneksamiki, naimeza siku zile nzito tu. Wengine huwekewa kitanzi chenye homoni. Tumbo likikata, paracetamol. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huzidisha kuvuja, na duka la dawa watakupa bila kuuliza.

Ukipata mimba, mkunga ajue mapema. Protini iliyopanda hushuka baada ya kujifungua, kwa hiyo damu inaweza kuja kwa wingi ukiwa umesharuhusiwa kwenda nyumbani, hata wiki ya pili au ya tatu. Ikija, rudi hospitali siku hiyohiyo.